Jinsi ya kuhesabu sizoni za sirizi zinazobadilisha stori na waigizaji: mwongozo kamili kwa watu wa kwizi

Wiki tatu mfululizo nasahihisha karatasi za kwizi yetu ya Alhamisi hapa Kaloleni, Arusha, na wiki zote tatu ni aina moja ya swali inayowaangusha watu. Sio mpira, sio siasa, ni haya maswali ya "sizoni ya ngapi". Alhamisi iliyopita niliuliza Coven ni sizoni ya ngapi ya American Horror Story, timu tisa zikajibu, mbili tu ndo zikapata, alafu waliokosa sio watu wasioangalia sirizi, ni watu wanaokesha nazo kabisa.

Kiukweli kuangalia haitoshi. Sirizi ya kawaida ukiruka sizoni unajua, maana stori inakugomea, unakuta mtu kafa na we hujui kafaje. Hizi za antholojia hazikugomei popote. Kila sizoni ni stori mpya, mji mpya, watu wapya au sura zilezile zenye majina mengine, kwahiyo unaweza kuanzia ya tano ukarudi ya tatu na usihisi chochote. Ndo maana namba yake huwezi kuikumbuka kwa kuangalia, inabidi uihesabu. Nimeandika hatua zote hapa chini, zifuate kwa mpangilio.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Daftari na kalamu, kweli kabisa, usihesabu kichwani. Simu yenye bando kidogo tu la kufungua orodha ya epsodi, hauhitaji kupakua video. Na kama sirizi zako unawekewa kwenye flashi, chukua hiyo flashi na kompyuta, maana hapo ndo makosa mengi yanapozaliwa.

Kwenye daftari chora safu nne: namba, jina la sizoni, mwaka ilipoanza kuonyeshwa, na mwaka au mahali stori inapotokea. Hiyo safu ya nne wengi wanaiona haina kazi, subiri ufike hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Jua kinachobadilika ni nini

Kabla ya kuhesabu chochote jiulize, stori inabadilika kila sizoni au kila epsodi? Black Mirror inabadilika kila epsodi, yaani ndani ya sizoni moja una stori kadhaa zisizojuana. American Horror Story, True Detective na Fargo zinabadilika kila sizoni, stori moja inaanza epsodi ya kwanza inaishia epsodi ya mwisho.

Hii ni muhimu kwasababu mtu aliyezoea Black Mirror anahesabu stori, akija kwenye American Horror Story anaendelea kuhesabu stori, na kuna sehemu hilo litamponza (hatua ya 4 ntaonyesha).

Onyo la hapa ni herufi moja. Kuna American Horror Story na kuna American Horror Stories, yenye s mwishoni, iliyoanza 2021. Ya pili ni sirizi nyingine kabisa iliyozaliwa na ya kwanza, na yenyewe ndo ya stori fupifupi. Sizoni zake hazijumlishwi na za mama yake. Kuna timu ilijibu 15 kwa swali la sizoni ngapi, nikawauliza wamepataje, kumbe wamejumlisha zote mbili.

Na lingine dogo, maswali mengi ya kwizi yanatolewa kwenye vitabu na mitandao ya Kiingereza. Mwingereza akisema "series 3" anamaanisha sizoni ya tatu, sio sirizi tatu. Ukikutana na swali la namna hiyo angalia kama sirizi yenyewe ni ya Uingereza, kama Black Mirror ilivyoanza.

Ukimaliza hatua hii uwe umeandika juu ya ukurasa sentensi moja: "hii inabadilika kwa sizoni" au "hii inabadilika kwa epsodi". Ukishindwa kuiandika usiendelee.

## Hatua ya 2: Tenganisha jina la ukoo na jina la mtoto

Coven, Hotel, Roanoke, Cult, hayo ni majina ya watoto. Jina la ukoo ni American Horror Story. Kwenye maongezi watu wanataja jina la mtoto peke yake, "umeiona Hotel?", mpaka wanasahau kwamba ni sizoni, wanaiona kama sirizi inayojitegemea.

Sasa flashi. Kijana mmoja wa timu iliyokosa alinifuata baada ya kwizi na kompyuta yake mkononi.

"Sista, mi Coven ninayo hapa, na ni namba moja kabisa, njoo uone."

Nikaenda kuona. Folda zake zilikuwa hivi:

```
AHS 1 COVEN
AHS 2 HOTEL
AHS 3 ROANOKE
```

Nikamwambia, "Mdogo wangu, fungua hiyo ya kwanza." Akafungua, na ndani majina ya video yakawa yanasoma hivi:

```
American.Horror.Story.S03E01
American.Horror.Story.S03E02
```

Ukimya ukapita hapo. Jamaa wa maktaba ya muvi aliyemwekea alikuwa na sizoni tatu tu, akazipa namba moja, mbili, tatu kwa jinsi alivyonazo yeye. Folda ya Hotel ndani ilikuwa S05, ya Roanoke S06. Yani namba sahihi zilikuwa kwenye mashine yake muda wote, ila zimefunikwa na jina la folda.

Kwahiyo kanuni yangu: jina la folda kaandika binadamu wa mtaani, usiliamini. Ingia ndani usome herufi S na namba mbili zinazofuata, S ni sizoni, E ni epsodi. Alafu linganisha na orodha ya epsodi mtandaoni kwa jina la epsodi, mfano epsodi ya kwanza ya Hotel inaitwa "Checking In", ukiikuta kwenye orodha chini ya sizoni ya 5 basi umethibitisha.

Tahadhari nyingine, sio kila mtoto anazaliwa na jina. Sizoni ya kwanza ya American Horror Story ilipotoka 2011 haikuwa na jina la pili, hilo la Murder House lilikuja kutumika baadae ili kuitofautisha na zilizofuata. True Detective ni zaidi, sizoni tatu za kwanza hazina jina lolote la ziada, ya nne ndo ikaitwa Night Country, matokeo yake watu kibao wakadhani Night Country ni sirizi mpya iliyoanza 2024. Hapana, ni sizoni ya 4, ile ya Jodie Foster na Kali Reis kule Alaska.

## Hatua ya 3: Panga kwa mwaka wa kuonyeshwa, sio mwaka wa stori

Hapa ndo penye mkenge mkubwa kuliko zote na ntakaa kidogo.

Namba ya sizoni inatokana na kitu kimoja tu, ipi ilitangulia kuonyeshwa. Haijali stori inatokea lini. Sirizi ya kawaida muda wa stori unaenda mbele pamoja na sizoni, kwahiyo akili imezoea kwamba cha zamani ni cha kwanza. Antholojia inaruka inavyotaka.

Chukua Fargo. Andika kwenye daftari lako hivi:

Sizoni ya 1, ilionyeshwa 2014, stori ya mwaka 2006.
Sizoni ya 2, ilionyeshwa 2015, stori ya mwaka 1979.
Sizoni ya 3, ilionyeshwa 2017, stori ya mwaka 2010.
Sizoni ya 4, ilionyeshwa 2020, stori ya mwaka 1950.
Sizoni ya 5, ilianza kuonyeshwa Novemba 2023, stori ya mwaka 2019.

Ukiipanga kwa mwaka wa stori inakuwa ya 4, ya 2, ya 1, ya 3, ya 5. Sasa swali likija "Fargo ya Chris Rock ni sizoni ya ngapi?" mtu anakumbuka suti za zamani, magari ya zamani, Kansas City, watu weusi na Waitaliano wanagombania mji, anasema hii ndo ya zamani kuliko zote, itakuwa ya kwanza. Kakosa. Ni ya 4. Safu ya nne ya daftari kazi yake ni hiyo, inakuonyesha kwa macho kwamba hizo namba mbili haziendi pamoja.

Alafu Fargo ina muvi ya 1996. Hiyo ni muvi, haina namba kwenye sizoni, usiianzie kuhesabu nayo hata kama mtu wa maktaba kaiweka kwenye folda moja na sirizi.

American Horror Story nayo ina mtego wa hivyohivyo, kuna sizoni jina lake ni 1984. Sio mwaka wa kuonyeshwa huo, ni jina na ni mwaka wa stori. Ilionyeshwa 2019 na ni sizoni ya 9.

Mtego wa tatu wa mwaka ni tuzo. Swali la kwizi linapenda kuja hivi: "Lady Gaga alipata Golden Globe kwa sizoni ya ngapi?" Mtu anakumbuka tuzo ilikuwa 2016, anaangalia sizoni iliyotoka 2016 anakuta Roanoke, anaandika 6, na mbaya zaidi Gaga yupo kweli kwenye Roanoke kwahiyo anajiona yuko salama kabisa. Lakini tuzo ilitolewa Januari 2016 na ilikuwa ya Hotel, iliyoanza Oktoba 2015. Jibu ni 5. Tuzo za Januari zinalipa kazi ya mwaka uliopita, likikuja swali la tuzo rudi nyuma mwaka mmoja kwanza ndo uangalie orodha.

Jipime hivi: ficha safu ya namba kwa mkono, soma miaka ya kuonyeshwa kutoka juu kwenda chini. Ikipanda tu bila kurudi nyuma, uko sawa. Ikirudi nyuma hata mara moja, kuna mahali umeandika mwaka wa stori.

## Hatua ya 4: Usihesabu kwa kutoa miaka, na usiigawe sizoni iliyogawanywa

Kuna watu wana njia ya mkato, wanachukua mwaka wa sizoni wanatoa mwaka sirizi ilipoanza. True Detective ilianza 2014, Night Country ni 2024, basi itakuwa ya kumi au kumi na moja. Ni ya 4. Sizoni zake zilitoka 2014, 2015, 2019 na 2024. Hizi sirizi kila sizoni inatafuta waigizaji upya, na hao mastaa wa muvi hawakai wanasubiri, kwahiyo mapengo ni ya kawaida.

American Horror Story inakudanganya vizuri zaidi kwasababu kwa muda mrefu ilikuwa inatoka kila mwaka, 2011 mpaka 2019 bila kukosa, sizoni tisa. Mwaka 2020 haikutoka, korona ilisimamisha kazi. Kwahiyo ukiendelea kuhesabu mwaka mmoja sizoni moja, kuanzia 2021 unakuwa umezidisha moja.

Na hapohapo 2021 ndo ikaja Double Feature. Hii ina stori mbili ndani yake, Red Tide epsodi sita, Death Valley epsodi nne. Stori mbili tofauti kabisa, moja ya mji wa pwani na nyingine ya viumbe wa angani. Mtu wa kuhesabu stori anaweka namba mbili hapo. Ila epsodi zake zinahesabiwa moja mpaka kumi bila kuanza upya, na hiyo ndo alama yako: namba ya epsodi ikianza upya kwenye moja, ni sizoni mpya, isipoanza upya ni sizoni ileile. Epsodi ya kwanza ya Death Valley ni epsodi ya 7, kwahiyo tupo bado sizoni ya 10.

Alama hiyohiyo inakuokoa kwenye Delicate. Ilianza Septemba 2023, ikasimama baada ya epsodi tano, ikarudi Aprili 2024 na zilizobaki. Miaka miwili, sizoni moja, epsodi tisa kwa jumla.

Tufanye hesabu nzima pamoja, andika huku unasoma: Murder House 2011, Asylum 2012, Coven 2013, Freak Show 2014, Hotel 2015, Roanoke 2016, Cult 2017, Apocalypse 2018, 1984 ya 2019, 2020 chora mstari tu usiweke namba, Double Feature 2021, NYC 2022, Delicate 2023. Hesabu majina. Ni 12. Ukipata 13 umegawa Double Feature au Delicate, au umeipa namba 2020. Ukipata 14 ujue umefanya mawili kati ya hayo kwa pamoja. Ukipata 11, mara nyingi umesahau Cult au 1984, sijui kwanini hizo mbili zinasahaulika sana na timu zetu ila ndo ninavyoona kwenye karatasi.

Coven, ukitaka kujua, imekaa ya tatu hapo.

## Hatua ya 5: Sura ya mwigizaji isikupe namba

Nasikia sana hii mezani, "Evan Peters yupo, kwahiyo ni mwendelezo". Yule anarudi kama mtu mwingine, hiyo ndo staili ya American Horror Story, sura ileile jina jingine. Na kuna sizoni hayupo, kama 1984, ambayo Sarah Paulson pia hayupo, na bado ni sizoni halali yenye namba yake.

Upande wa pili kuna The White Lotus. Hawaii 2021, Sicily 2022, Thailand 2025, hoteli mpya wageni wapya. Lakini Tanya wa Jennifer Coolidge yupo ya kwanza na ya pili akiwa Tanya yuleyule, na Belinda wa sizoni ya kwanza anarudi kwenye ya tatu. Mtu akiona hivyo anasema basi sio antholojia, au anasema Sicily ni nusu ya pili ya sizoni ya kwanza. Hapana. Mhusika mmoja kuvuka haibadilishi hesabu, epsodi zimeanza upya kwenye moja. Hata Apocalypse ya American Horror Story inachanganya watu wa Murder House na wa Coven, na ni sizoni ya 8 peke yake.

Mwigizaji mtumie kutambua sizoni, usimtumie kuipa namba. Ukishamtambua rudi kwenye daftari.

## Hatua ya 6: Soma swali mara mbili, linauliza kitu gani

Maswali matatu yanafanana ukisoma haraka. "Sizoni ya ngapi" inataka nafasi kwenye orodha. "Sizoni ngapi" inataka jumla. "Ameonekana kwenye sizoni ngapi" inataka uhesabu za mtu.

Hilo la tatu lilileta ugomvi hapa kwetu. Niliuliza Jessica Lange ameonekana kwenye sizoni ngapi za American Horror Story, wengi wakaandika 4, kwasababu alikuwa staa wa sizoni nne za kwanza alafu akaondoka. Ila alirudi kwenye Apocalypse kwa epsodi moja kama mgeni. Nimeuliza "ameonekana", jibu ni 5. Ningeuliza "alikuwa mwigizaji mkuu kwenye sizoni ngapi", 4 ingekuwa sahihi. Mama mmoja wa timu ya Sakina alinibana, "Mwanangu, epsodi moja nayo unaita sizoni?" Nikamwambia mama, swali limesema kuonekana, na kaonekana. Ila aliniweka sawa kwenye jambo moja, tangu siku hiyo neno "mkuu" au "hata kwa epsodi moja" naliandika kabisa kwenye swali. Kama we ndo unatunga, fanya hivyo, usiwaachie watu wakisie.

Kwa maswali ya jumla weka mpaka wa tarehe. Sirizi ambayo haijafungwa jumla yake inabadilika, kwahiyo jibu la "12" liandike "12, mpaka Delicate iliyoisha 2024". Sizoni iliyotangazwa tu haihesabiwi, hata kama trela ipo, mpaka epsodi ya kwanza ionyeshwe.

Na jibu la "ya ngapi" usiandike namba tupu. Andika vitu vitatu: namba, jina au mahali, mwaka wa kuonyeshwa. Namba tupu ikikosewa msahihishaji hana cha kukusaidia, ila akiona mwaka na jina viko sawa anajua ulikosea kuhesabu, na kwetu hiyo inapata nusu maksi. Yule kijana wa flashi juzi karatasi yake ilikuwa imeandikwa hivi, kwa kalamu nyekundu, sijui aliitoa wapi:

"Fargo ya Chris Rock: sizoni ya 4, Kansas City, 2020. Stori ni ya 1950, sijaingia mkenge."

Nikampa maksi zote.